Akiba ya dharura imeisha? Namna ya kuijaza tena kidogo kidogo kila siku ya malipo

Mkazi wa Keringet, Olenguruone au Kiptororo anajua jinsi dharura inavyokuja. Mtoto anazidiwa usiku, gari la kukodi linahitajika hadi hospitalini, kisha kuna dawa, vipimo na nauli ya kurudi kumwona mgonjwa kwa siku kadhaa. Waliokuwa wameweka akiba ya dharura huitumia, na hivyo ndivyo inavyopaswa, kwa sababu pesa hizo ziliwekwa kwa siku kama hiyo.

Tatizo huanza baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Akiba imebaki sufuri na ada ya shule inakaribia, na kila mtu nyumbani anasema akiba itaanza tena mambo yakitulia. Mambo hayatulii. Dharura ya pili inapofika haikuti kitu kwenye akaunti, na familia inalazimika kukopa kwa simu au kuuza ng'ombe wa maziwa kwa bei ya haraka.

Makala haya yanaeleza namna ya kuijaza akiba hiyo kwa makato madogo yanayojiendesha yenyewe kila siku ya malipo, bila kusubiri mwezi mzuri. Tutafuata mfano wa familia moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Familia hiyo si ya kweli na hesabu zake ni za kuelekeza tu, lakini mapato na matumizi yake yanafanana na ya nyumba nyingi za Kuresoi Kaskazini na Kuresoi Kusini.

Familia ya mfano

Mama ni mpishi katika shule ya bweni. Baada ya makato ya kisheria hupokea shilingi 19,000 mwishoni mwa mwezi. Nyumbani kuna ng'ombe wawili, na maziwa yanayopelekwa kwa chama cha ushirika huleta takriban shilingi 5,000, ambazo hulipwa katikati ya mwezi unaofuata. Wana pia shamba la viazi wanalopanda msimu wa mvua za masika na kuvuna Julai au Agosti.

Kwa muda mrefu walikuwa wamejiwekea shilingi 24,000, kiasi kinachozidi kidogo matumizi yao ya mwezi mmoja. Mwezi Februari bibi wa nyumba hiyo aliugua na kulazwa. Gharama yote, pamoja na usafiri na chakula cha aliyekuwa akimhudumia, ilifika shilingi 27,000. Akiba yote ilikwisha, na shilingi 3,000 zilizopungua zilikopwa kupitia M-Shwari.

Kwa hiyo mwezi Machi familia hii ina mambo mawili mbele yake: akiba ambayo ni sufuri, na deni dogo la simu.

Deni la simu kwanza, lakini makato yaanze mwezi huo huo

Mkopo wa M-Shwari hutozwa ada ya asilimia 7.5 na hulipwa ndani ya siku 30. Kwa mkopo wa shilingi 3,000, ada hiyo ni shilingi 225. Siku 30 zikipita bila kulipa, mkopo huongezewa muda na ada nyingine hutozwa. Hakuna akaunti ya akiba ya kawaida inayolipa faida inayokaribia asilimia 7.5 kwa mwezi mmoja. Anayeweka akiba huku akiliacha deni kama hilo anajaza debe linalovuja.

Fuliza ina ugumu wa namna nyingine. Ukiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwenye M-Pesa yako hukatwa kulipa deni hilo kabla hujaigusa. Mtu anaweza kupanga kwamba malipo ya maziwa yakifika atatuma shilingi 400 kwenye akiba, kisha akakuta yaliyofika yamepungua. Ndiyo maana anayejaza akiba upya anashauriwa alipe Fuliza yote kwanza, kisha aache kuitumia kwa matumizi ya kila siku, kwani kila inapotumika huyakata malipo yanayofuata.

Familia yetu ililipa deni hilo lote kutoka mshahara wa Machi. Mwezi huo ulibana, na nguo za sare zilizokuwa zimepangwa kununuliwa zilisubiri. Hata hivyo, hawakusema akiba isubiri Aprili. Walianza mwezi huo huo kwa shilingi 300.

Shilingi 300 haziwezi kumpeleka mtu hospitalini. Faida yake ni kwamba fomu zinajazwa, akaunti inafunguliwa, na makato yanaanza kutembea. Kubadilisha kiasi kutoka 300 hadi 1,200 baadaye ni jambo la dakika chache. Kazi inayowashinda wengi ni ile ya kuanza, na ndiyo hii ambayo mwezi wa kwanza huimaliza.

Kiasi kipimwe kwa mwezi mgumu, si kwa mwezi mzuri

Watu wengi hukosea hapa. Baada ya kushtuliwa na dharura, mtu huamua kuweka shilingi 4,000 kila mwezi ili akiba irudi haraka. Mwezi wa kwanza anafaulu. Mwezi wa pili anaweka, kisha tarehe 15 anazitoa kununua unga. Mwezi wa tatu anafuta makato kabisa.

Kipimo sahihi ni mwezi mgumu kuliko yote katika mwaka wako. Kwa familia nyingi za Kuresoi huo ni Januari, ambapo ada ya muhula wa kwanza, sare na vitabu vinakutana na ghala lililopungua baada ya sikukuu. Kwa wakulima wa viazi inaweza kuwa miezi ya kupanda, wakati mbegu na mbolea vinanunuliwa na hakuna kinachovunwa.

Kuupima mwezi huo, usitegemee kumbukumbu. Taarifa ya M-Pesa ya miezi iliyopita inapatikana kwenye programu ya M-Pesa au kwa kupiga *334#, na benki au Sacco yako pia inaweza kukupa taarifa ya akaunti. Jumlisha yaliyoingia Januari iliyopita, kisha utoe yaliyotumika kwa mambo ambayo hayangeweza kuachwa.

Familia yetu ilipofanya hivyo ilipata kwamba Januari ziliingia shilingi 24,000, na yaliyokuwa ya lazima yalikuwa shilingi 22,300. Yaliyobaki yalikuwa 1,700. Hawakuchukua yote. Walipanga makato ya shilingi 1,200 na kuacha 500 kama nafasi ya kupumua, kwa sababu bei ya sukari au nauli inaweza kupanda kidogo, na makato yasiyo na nafasi hiyo hukatika upesi.

Kisha waliyagawa katika mafungu mawili: shilingi 800 kutoka mshahara mwishoni mwa mwezi, na shilingi 400 kutoka malipo ya maziwa katikati ya mwezi. Kugawa hivyo kunazuia siku moja ya malipo kubeba mzigo wote, na kama moja ya njia hizo itachelewa, nyingine bado itafanya kazi.

Njia tatu za kufanya makato yajiendeshe

Njia ya kwanza ni kukatwa kabla pesa hazijakufikia. Mwajiri au chama cha ushirika hukata kiasi ulichokubali kwa maandishi na kukipeleka kwenye akaunti yako ya Sacco. Vyama vingi vya maziwa tayari hufanya hivyo kwa ajili ya chakula cha mifugo na dawa zilizochukuliwa kwa mkopo, kwa hiyo kuongeza mstari mmoja wa akiba si jambo geni kwa karani. Familia yetu ilijaza fomu ya chama ili shilingi 400 zikatwe kila mwezi. Kila malipo yanapotoka, mstari huo huonekana kwenye karatasi ya hesabu ya maziwa.

Kwa aliyeajiriwa, fahamu kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inasema jumla ya makato yote isizidi theluthi mbili ya mshahara. Mtu ambaye mikopo yake ya Sacco na benki imeshafika hapo hawezi kuongezewa makato mengine kwenye mshahara. Huyo atumie njia ya pili.

Njia ya pili ni agizo la kudumu la benki au Sacco. Unajaza fomu ukiiagiza taasisi hiyo ihamishe kiasi fulani kutoka akaunti inayopokea mshahara kwenda akaunti ya akiba, kila mwezi tarehe ile ile. Mama wa familia yetu alitumia njia hii kwa shilingi 800.

Hapa tarehe ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Agizo likiwekwa tarehe 30 na mshahara ukaingia tarehe 2, akaunti itakuwa tupu siku ya agizo. Pesa hazitahama, na benki nyingi hutoza ada kwa agizo lililoshindikana. Angalia tarehe ambazo mshahara wako umeingia katika miezi sita iliyopita, uchukue ile iliyochelewa zaidi, kisha weka agizo siku moja au mbili baada yake. Mama huyu aliona mshahara umewahi kuchelewa hadi tarehe 4. Aliweka agizo tarehe 5.

Kuna bei ya kulipa kwa hilo. Mshahara ukiingia tarehe 30, shilingi zile 800 zitakaa siku tano kwenye akaunti ambayo unaitumia kila siku, na zinaweza kutumika kwa bahati mbaya. Ndiyo sababu makato ya moja kwa moja kwa mwajiri, yakiwezekana, ni bora kuliko agizo la kudumu.

Njia ya tatu ni ya simu. Huduma ya M-Pesa Ratiba, iliyoanza 2024, humwezesha mteja kupanga malipo yanayojirudia, yakiwemo ya nambari ya Paybill ya benki au Sacco. Kabla ya kuitumia, uliza gharama ya kila muamala. Ukituma shilingi 100 mara nyingi na kila mara ukalipa ada, sehemu kubwa ya akiba itaishia kwenye ada. Mara nyingi ni nafuu kutuma mara moja kwa wiki kuliko kila siku.

Mahali pa kuweka: akiba ya mkopo si akiba ya dharura

Wanachama wengi wa Sacco huamini kwamba tayari wana akiba ya dharura kwa sababu wanachangia kila mwezi. Kabla ya kuitegemea, angalia ni akaunti gani inayopokea mchango huo.

Katika Sacco nyingi, michango ya kila mwezi inayoitwa amana, iliyo upande wa BOSA, ndiyo dhamana ya mikopo yako na ya wale uliowadhamini. Huwezi kuitoa wakati wa shida. Huipati hadi ujiondoe uanachama, na hilo kwa kawaida huhitaji notisi ya siku 60 na kutokuwa na deni wala mtu unayemdhamini. Ni akiba nzuri ya kupata mkopo wa ada au wa kununua ng'ombe, lakini haiwezi kukusaidia usiku wa manane.

Akiba ya dharura ikae upande wa FOSA, katika akaunti ya akiba ambayo unaweza kutoa pesa siku unayozihitaji, au katika akaunti ya akiba ya benki. Ukijaza fomu ya makato, hakikisha imeandikwa nambari ya akaunti hiyo hasa. Karani asipoelezwa anaweza kuyaelekeza makato kwenye amana kwa mazoea, nawe ukagundua siku ya dharura.

Ni vizuri pia kuhakikisha taasisi yenyewe inasimamiwa. Sacco zinazopokea amana hupewa leseni na mamlaka ya SASRA, na orodha ya zilizo na leseni hutangazwa kila mwaka. Kwa benki, amana za kila mteja zinalindwa hadi shilingi 500,000 na shirika la bima ya amana, KDIC. Ulinzi huo wa KDIC ni wa benki na haugusi Sacco.

Usiweke akiba hii mahali unapokopa kwa simu. Masharti ya mikopo mingi ya aina hiyo humruhusu mkopeshaji kuizuia au kuichukua akiba yako ukichelewa kulipa. Vilevile usiitegemee zamu ya chama cha mzunguko, kwa sababu ugonjwa haufuati orodha ya zamu.

Ngazi mbili badala ya safari moja ndefu

Kutoka sufuri hadi shilingi 24,000 ni mbali kwa anayeweka 1,200 kwa mwezi. Familia yetu iliigawa safari hiyo. Ngazi ya kwanza ilikuwa shilingi 5,000, kiasi walichokadiria kinatosha gari la usiku hadi hospitalini, nauli ya kurudi na dawa za kwanza. Ngazi ya pili ilikuwa 24,000 yenyewe.

Ngazi ya kwanza ina maana yake. Dharura nyingi za nyumbani si za shilingi 27,000. Ni za elfu mbili au tatu: daktari wa mifugo, dawa, tairi la pikipiki ya kazini. Ukishafika 5,000, hizo ndogo hazikupeleki tena kwenye mkopo wa simu, na mzunguko wa kukopa na kulipa unakatika hapo.

Hesabu yao ilikwenda hivi. Machi waliweka 300. Aprili hadi Julai waliweka 1,200 kila mwezi, jumla 4,800. Mwisho wa Julai akiba ilikuwa 5,100, na ngazi ya kwanza ilikuwa imepandwa.

Agosti walivuna viazi. Baada ya kutoa gharama ya mbegu, mbolea, vibarua na mifuko, faida ilikuwa shilingi 24,000. Walikuwa wameamua mapema, kabla ya mavuno, kwamba robo itaingia kwenye akiba. Hiyo ni shilingi 6,000. Pamoja na 1,200 za mwezi huo, akiba ilifika 12,300.

Kuamua sehemu kabla ya mavuno kunasaidia kwa sababu pesa za viazi huja zote kwa pamoja na kila mtu nyumbani ana mahitaji yake. Robo huacha robo tatu kwa mahitaji hayo, na hakuna anayehisi amenyimwa. Wanaopata bonasi ya chai wanaweza kufanya vivyo hivyo.

Kutoka hapo zilibaki shilingi 11,700. Kwa 1,200 kwa mwezi ni miezi kumi, yaani Juni ya mwaka uliofuata akiba ingekuwa 24,300. Safari nzima ni miezi 16. Bila fungu la viazi ingekuwa miezi 21.

Miezi 16 ni mingi, na ni vizuri mtu ajue hivyo tangu mwanzo. Anayetarajia miezi minne huvunjika moyo mwezi wa tano. Lakini Januari ilipofika katikati ya safari hiyo, makato hayakuguswa, kwa kuwa yalikuwa yamepimwa kwa Januari tangu mwanzo.

Dharura nyingine ikija kabla hujamaliza

Tuseme Novemba, akiba ikiwa 15,900, ng'ombe mmoja anapata homa ya maziwa baada ya kuzaa, na daktari pamoja na dawa vinagharimu shilingi 5,000. Watoe. Ng'ombe huyo ni sehemu ya mapato ya nyumba, na kumpoteza kungegharimu zaidi ya akiba yote.

Akiba inabaki 10,900. Makato yanaendelea bila kubadilishwa. Kinachobadilika ni tarehe ya kumaliza: badala ya Juni inakuwa Oktoba. Dharura hiyo imewachelewesha miezi minne, wala haikuwarudisha sufuri, na hakuna mkopo uliochukuliwa.

Kosa la kuepuka wakati huo ni kuyapandisha makato kwa hasira ili kufidia. Yakipandishwa kupita kipimo cha mwezi mgumu, yatafutwa Januari.

Linalosaidia pia ni kukubaliana nyumbani, mapema na kwa maneno machache, dharura ni nini. Familia yetu ilikubaliana juu ya mambo matatu: ugonjwa wa mtu, ugonjwa wa ng'ombe anayekamuliwa, na uharibifu unaozuia mtu kwenda kazini. Ada ya shule haimo. Si kwamba ada haina uzito, ila tarehe yake inajulikana mwaka mzima na inapaswa kuwa na fungu lake. Michango ya harusi haimo pia.

Namna ya kujua kama mpango unafanya kazi

Baada ya miezi mitatu, chukua taarifa ya akaunti ya akiba na uangalie mambo mawili.

Kwanza, je, kila makato uliyoona kwenye hati ya mshahara au karatasi ya maziwa yamefika kwenye akaunti? Yakikatwa na yasifike, uliza mapema ukiwa na karatasi zote mbili mkononi. Anza kwa mwajiri au karani wa chama, kisha Sacco yenyewe. Kwa vyama vya ushirika, afisa wa ushirika katika kaunti ndogo ndiye wa kuendewa kama huridhiki na majibu. Deni la mwezi mmoja hufuatiliwa kwa urahisi kuliko la mwaka.

Pili, je, unatoa kiasi kile kile unachoweka? Ukiona 800 zimeingia tarehe 5 na 700 zimetoka tarehe 18, mwezi baada ya mwezi, makato ni makubwa kuliko uwezo wako. Usiyafute. Yapunguze hadi 500 au 300 na uyaache yatembee. Shilingi 300 zinazobaki zina thamani kuliko 800 zinazorudi sokoni.

Kwa wasio na siku maalum ya malipo

Mwendesha bodaboda, kibarua wa shambani au mwenye kibanda sokoni hana tarehe 30. Huyu ajitengenezee siku ya malipo. Achague siku moja ya wiki ambayo kwa kawaida ana pesa, kama siku ya soko, na apange malipo ya simu ya kila wiki kwenda akaunti ya akiba. Kipimo ni kile kile: wiki ngumu, kama zile za mvua kubwa ambapo barabara za Tinet na Kiptagich hazipitiki vizuri. Kama wiki hizo anabaki na shilingi 200, makato yawe 150. Kwa mwaka ni 7,800, bila kuhesabu wiki nzuri.

Wiki nzuri zikija, anaweza kuongeza kwa mkono. Makato ya kila wiki yabaki 150.

Akiba ikishajaa

Familia yetu ilipofika 24,300 hawakwenda kufuta fomu. Agizo la shilingi 800 lilielekezwa kwenye akaunti nyingine, ya ada ya muhula wa kwanza, na shilingi 400 za maziwa ziliendelea kuingia kwenye akiba ya dharura ili iende sambamba na bei zinazopanda. Siku dharura nyingine itakapoichota, agizo lile la 800 litarudishwa lilikokuwa, na hakutakuwa na la kuanza upya.

Wanaotaka kuanza mwezi huu wahitaji mambo manne tu kabla ya siku ya malipo ijayo: taarifa ya Januari iliyopita, nambari ya akaunti ya akiba inayoruhusu kutoa pesa, kiasi ambacho Januari hiyo ingekivumilia, na fomu ya makato iliyotiwa sahihi kwa mwajiri, Sacco au chama cha maziwa. Fomu za chama hupatikana kwa karani, na wanaotaka kufahamu zaidi kuhusu vyama vya ushirika wanaweza kufika katika ofisi ya ushirika ya kaunti ndogo yao siku za kazi.